Ramani Tatu Ndani ya Picha Moja

Chukua pipa la mafuta lililochakaa ndani ya mchezo wa kompyuta: rangi imebanduka ubavuni, chuma kimejitokeza, kutu imetanda ukingoni. Ili pipa hilo limulikwe sawasawa, msanii anayetumia Unreal Engine huandaa, mbali na picha ya rangi zake, ramani tatu. Ya kwanza huonyesha mianya ambamo mwanga wa mazingira hupenya kwa shida, kama mifereji inayolizunguka pipa. Ya pili ni ya mparuzo: namba ndogo ni uso unaong'aa, namba kubwa ni uso uliofifia. Ya tatu hutenganisha metali na isiyo metali. Chuma kilichochubuka hupewa 255. Rangi iliyopakwa hupewa 0, na kutu vilevile, kwani haiakisi mwanga kama metali.

Kila ramani huhitaji namba moja tu kwa pikseli, ilhali picha ya rangi hubeba tatu: nyekundu, kijani na bluu. Basi mianya huwekwa kwenye nyekundu, mparuzo kwenye kijani, metali kwenye bluu, na faili mara nyingi hupewa jina linaloishia na `_ORM`. Ukiifungua, utaona kutu ni ya manjano, rangi iliyopakwa ni ya chungwa na chuma ni cha waridi.

Mparuzo haukuwekwa kwenye kijani kwa bahati. Mbano wa BC1 hugawa picha katika vipande vya pikseli 4 kwa 4, kisha huhifadhi rangi mbili za kila kipande. Nyekundu na bluu hupata biti 5, kijani biti 6. Jicho hugundua haraka mng'ao uliokosewa kidogo, wakati ramani ya metali kwa kawaida ni 0 au 255. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 hutumia MB 2 hivi. Ramani tatu zikibanwa mbalimbali kwa BC4 zingefika MB 6.

Akiba hiyo ina gharama yake. Pikseli zote za kipande hukadiriwa kati ya rangi zile mbili, kwa hiyo kutu, mfereji na mchubuko vikikutana mahali padogo, huchafuana, na mng'ao huonyesha vijiraba. Hapo BC7 husaidia, kwa MB 4.

Kosa linalosumbua zaidi ni kuacha alama ya `sRGB` kwenye picha hiyo. Injini huisoma kama rangi na kuipinda: mparuzo wa 128, uliopaswa kuwa 0.5, husomwa kama 0.22, na pipa huonekana limelowa. Metali haionyeshi dalili yoyote, kwa kuwa 0 na 255 hazibadiliki. Tazama `Buffer Visualization`, kisha `Roughness`: ikiwa nyeusi kuliko ramani ya awali, ondoa alama hiyo, chagua mbano wa `Masks (no sRGB)`, na ndani ya materiali weka `Sampler Type` kuwa `Masks`.