Je, Wajua? Kuvuta chini si sawa na kuvuta nyuma

Mchuma kahawa wa Mbinga hunyoosha mkono juu, hushika tawi refu na kulivuta chini. Kule Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mvuvi anayepandisha mtumbwi nchi kavu huvuta kamba iliyo mbele yake, usawa wa kifua. Jimu ina mashine ya kila mvuto: moja ya kushusha chuma kutoka juu ya kichwa, nyingine ya kuvuta mpini ukiwa umekaa.

Katika mivuto yote miwili, mkono wa juu hurudi ubavuni, na kazi hiyo hufanywa hasa na msuli mpana wa mgongo uliojishikiza kwenye mfupa wa mkono huo.

Tofauti ipo kwenye kombe la bega. Chuma kikishuka, kombe hushuka pamoja nacho na kurudi nyuma kidogo tu. Kamba ikivutwa kutoka mbele, makombe mawili husogeleana kuelekea uti wa mgongo. Inayoyavuta ni misuli ya katikati ya mgongo, ambayo haishiki mkono hata kidogo!

Kujua kama misuli hiyo inafanya kazi ni rahisi. Keti, shika mpini, nyoosha viwiko, kisha rudisha makombe tu. Uzito utainuka sentimita chache. Baada ya hapo ndipo viwiko vikunjwe. Wengi huanza na viwiko, wakavipitisha mbali nyuma ya mwili. Bega hujipinda mbele, na misuli ya katikati haipati kazi yake kamili.