Jumla Imekubali, Safu Zimekosea

Ripoti ililetwa mezani kwangu ikiwa na mstari mmoja uliozungushiwa wino mwekundu. Ilikuwa ya tarehe 30 Septemba 2024, na mstari ule ulikuwa wa mteja wetu wa Morogoro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye safu ya madeni yaliyopitiliza siku 90 palisomeka shilingi 4,200,000. Meneja wa mauzo alikuwa amekwisha kuzuia mzigo wake wa saruji. Nilipompigia simu, mteja alijibu kwa uchungu: "Dada, hiyo hela nimeshalipa tarehe ishirini. Slipu ya benki ninayo hapa mkononi. Sasa mzigo wangu mnauzuia kwa lipi?"

Ripoti ya umri wa madeni ni orodha ya wateja tunaowadai, na deni la kila mmoja hugawanywa kwenye safu kulingana na muda uliopita. Kwetu safu zilikuwa tano: deni ambalo halijaiva, lililochelewa siku 1 hadi 30, siku 31 hadi 60, siku 61 hadi 90, na lililozidi 90. Mauzo ndiyo huitazama wakiamua nani apewe mzigo na nani asubiri. Mhasibu naye huitazama anapotenga fedha za hasara kwa madeni ambayo huenda yasilipwe, na kadiri deni linavyokaa kwenye safu ya mbali ndivyo asilimia ya kutenga inavyopanda.

Mteja wa Morogoro alikuwa na ankara tatu, zote za kulipwa ndani ya siku 30. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe 6 Mei, shilingi 4,200,000. Ya pili ya tarehe 15 Julai, shilingi 3,000,000. Ya tatu ya tarehe 10 Septemba, shilingi 2,500,000, nayo ilikuwa haijaiva. Tarehe 12 Septemba tulimwandikia hati ya krediti ya shilingi 600,000 kwa sababu baadhi ya vigae vya ankara ya Julai vilifika vimevunjika. Kisha tarehe 20 Septemba zikaingia benki shilingi 4,200,000.

Sasa tazama ripoti ilivyosema. Safu ya deni lisiloiva ilikuwa na 2,300,000 ndani ya mabano, yaani hasi. Siku 31 hadi 60 zilikuwa na 3,000,000. Zaidi ya 90, 4,200,000. Jumla yake ni 4,900,000, na hiyo jumla ilikuwa sahihi kabisa. Ililingana na leja ya mteja, na jumla ya wateja wote ikalingana na akaunti ya wadaiwa kwenye leja kuu. Ndiyo maana kijana aliyeitoa aliamini amemaliza kazi. Ulinganisho ule unathibitisha kwamba hakuna muamala uliopotea. Hauwezi kukuambia kama muamala umekaa kwenye safu yake.

Kilichotokea ni kwamba malipo na hati ya krediti viliingizwa kwenye akaunti ya mteja lakini havikuoanishwa na ankara zake. Mfumo ulipokosa kujua vinafuta deni lipi, uliviweka kwa tarehe zake vyenyewe, kwenye safu changa. Ankara ya Mei ikabaki wazi huku fedha zake zikielea upande wa pili wa ukurasa. Ile hasi ndiyo ilikuwa alama. Mteja anayeonyesha mabano kwenye safu moja na deni kongwe kwenye nyingine ana karatasi ambayo haijaoanishwa, na mimi huanza ukaguzi kwa kuwatafuta hao kabla ya kugusa mtu mwingine.

Kuoanisha kwenyewe si kubahatisha. Malipo yalikuwa sawa na ankara ya Mei hadi shilingi ya mwisho, na mteja alithibitisha ndiyo aliyokusudia. Hati ya krediti ilitaja namba ya ankara ya Julai, kwa hiyo ilikwenda huko, ikaacha 2,400,000. Mifumo mingi ina kitufe cha kufuta ankara kongwe kwanza, na sikipendi. Kingeipeleka ile hati ya vigae kwenye ankara ya Mei, isiyohusika na vigae. Mteja akitaja anacholipia, fuata alichotaja. Asipotaja, muulize.

Baada ya hapo nakagua tarehe, na swali la kwanza ni: siku zinahesabiwa kuanzia wapi? Ankara ya tarehe 15 Julai ilikuwa na umri wa siku 77 ifikapo 30 Septemba, ila ilikuwa imechelewa siku 47 tu, kwa kuwa iliiva tarehe 14 Agosti. Ukihesabu kwa tarehe ya ankara inaangukia safu ya 61 hadi 90. Ukihesabu kwa tarehe ya kuiva inaangukia 31 hadi 60. Njia zote mbili zinatumika kihalali, lakini ripoti moja haiwezi kuzichanganya, na kichwa cha safu sharti kiseme ni ipi. Kwenye jedwali la Excel, ikiwa tarehe ya ripoti iko H1 na tarehe ya kuiva iko E2, siku za kuchelewa ni hizi:

```
=$H$1-E2
```

Jibu likiwa sifuri au hasi, deni halijachelewa. Huwa nachagua ankara chache kutoka kila safu na kuzihesabu upya hivyo, nikiwa na ankara yenyewe mkononi pamoja na hati ya kupokelea mzigo. Kompyuta iliyopangwa kusoma mwezi kabla ya siku huigeuza 06/05 kuwa tarehe 5 Juni, na deni likawa changa kwa siku 30. Ukiona baadhi ya tarehe zimeegemea kushoto mwa kisanduku na nyingine kulia, zile za kushoto zimeingia kama maandishi, na ni dalili kwamba jirani zake huenda zimegeuzwa. Kuna pia ankara iliyofutwa ikaandikwa upya kwa tarehe ya leo. Hiyo hugunduliwa na hati ya mzigo: saruji ilipokelewa Mei, ankara inasema Septemba.

Kwa wanaoiuzia serikali bidhaa, safu ya zaidi ya 90 hujaa vipande vidogo vidogo. Taasisi inakata kodi ya zuio ya asilimia 2, kwa hiyo ankara ya shilingi 10,000,000 kabla ya VAT inabakiza 200,000 zinazozeeka pale. Hilo si deni la kumfuatilia mtu kwa simu. Linafutwa kwa cheti cha kodi ya zuio, ambacho ndicho cha kudai.

Mstari wa Morogoro ulipotoka upya ulikuwa na 2,500,000 zisizoiva na 2,400,000 kwenye siku 31 hadi 60, jumla ileile ya 4,900,000. Zaidi ya 90 palikuwa patupu. Saruji ilipakiwa kesho yake asubuhi. Nilimpigia tena kumwomba radhi, kisha nikamuuliza kuhusu zile 2,400,000 za Julai. Alinyamaza kidogo, akasema alikuwa akisubiri nakala ya hati ya vigae ndipo alipe. Ilikuwa bado kwenye faili letu. Kwa siku 47 hakuna aliyempigia kuhusu ankara hiyo, na wiki nzima iliyopita sote tulikuwa tumekodolea macho milioni nne ambazo zilikuwa benki.