Maboksi matatu ya mchicha, ghorofa ya tatu

Mwenye nyumba akiletewa ombi la bustani ya roshani, kinachomjia akilini ni dari ya mpangaji wa chini ikivuja. Barua nzuri humjibu hofu hiyo kabla hajaitamka.

Tuseme mpangaji wa Upanga, Dar es Salaam, anataka maboksi matatu ya plastiki, kila moja la lita 25. Asikisie uzito. Udongo mkavu hudanganya. Ajaze ndoo ya lita 10 kwa udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi, aumwagilie mpaka uchuruzike, kisha aipeleke kwenye mizani ya dukani. Ikisoma kilo 12, boksi moja litakuwa na kilo 30, na yote matatu kilo 90. Udongo mtupu wa shambani ungezidi hapo sana.

Mahali pa kuyaweka ni muhimu kuliko hesabu yenyewe. Roshani nyingi ni zege lililotokeza nje bila nguzo, likishikwa upande wa ukuta tu. Nondo zinazolibeba zimelazwa juu, karibu na sakafu tunayokanyaga, na hukazwa zaidi pale zege linapokutana na ukuta. Boksi likikaa ukingoni, linazivuta kwa nguvu. Likisogezwa ukutani, mvuto hupungua. Kwa hiyo apige magoti aikague sakafu. Akiona ufa unaofuata ukuta, asiweke kitu, amwarifu mwenye nyumba ili aite mhandisi. Maji yanayopenya hapo huzifikia nondo hizo hizo. Zikishika kutu huvimba na kulipasua zege.

Ndiyo maana naomba watu wasitandike nailoni chini ya maboksi. Nailoni hufungia unyevu chini yake, na sakafu haikauki. Boksi linyanyuliwe kwa vipande vya vigae, kama sentimita 4, hewa ipite. Chini yake iwe sahani ya kukinga maji, imwagwe siku hiyo hiyo, maana mbu wa dengi hutaga humo.

Barua yenyewe iwe fupi:

“Shikamoo Mzee. Yah: Ombi la kuweka maboksi ya mboga roshani.

Naomba ruhusa ya kuweka maboksi matatu, jumla kilo 90 yakiwa yamelowa, nimeyapima. Yatakaa ukutani, yametengana, wala sitaning'iniza chochote kwenye reli au kutoboa sakafu. Kila boksi litanyanyuliwa na kuwa na sahani yake. Tundu la kutolea maji litabaki wazi, nami nitalisafisha kila Jumamosi. Nimeambatisha picha za sakafu ilivyo leo. Doa au uvujaji ukitokea kwa sababu ya maboksi, nitayaondoa na kugharamia matengenezo. Karibu uje uone kabla sijaanza. Nipo nyumbani kila jioni baada ya saa kumi na moja.

Wako mpangaji, ghorofa ya tatu.”