Miadi ya Saa Tatu Inapohama: Aina Mbili za Wakati katika Hifadhidata

Hifadhidata ya PostgreSQL ina aina mbili za safu za kutunzia tarehe pamoja na saa, nazo ni `timestamp without time zone` na `timestamp with time zone`, na majina hayo humpotosha msomaji kwa kiasi fulani. Aina ya kwanza hutunza maandishi ya saa kama yanavyosomeka ukutani, bila kujua ukuta huo uko Juba au Muscat. Aina ya pili, licha ya jina lake, haitunzi ukanda wa saa hata kidogo: hupokea saa iliyoandikwa, huigeuza kuwa saa ya ulimwengu, yaani UTC, kwa kufuata kanuni za ukanda zinazojulikana wakati huo, kisha hutupa habari za ukanda na kubakiza nukta moja tu ya wakati. Zote mbili huchukua baiti 8, hivyo hakuna nafasi inayookolewa kwa kuchagua mojawapo.

Kwa tukio lililokwisha kutokea, kama vile malipo kupokelewa, aina ya pili ndiyo sahihi, kwa kuwa nukta hiyo haiwezi kubadilika tena. Miadi ni jambo jingine, kwa sababu ni ahadi kuhusu saa ya mahali fulani, na saa ya mahali huamuliwa na serikali.

Sudani Kusini inaonyesha jambo hili waziwazi. Hadi mwisho wa Januari 2021 nchi hiyo ilikuwa saa 3 mbele ya UTC, sawa na Kenya, Uganda na Tanzania; tarehe 1 Februari 2021 ilirudisha saa nyuma na kuwa saa 2 mbele. Kanuni mpya iliingizwa katika tzdata, yaani mkusanyo wa kanuni za kanda za saa unaotumiwa na kompyuta nyingi duniani, kupitia toleo la 2021a lililotoka siku chache tu kabla ya badiliko lenyewe.

Chukulia kliniki ya kufikirika mjini Juba ambayo mwanzoni mwa Januari ilimwandikia mgonjwa miadi ya tarehe 15 Februari, saa tatu asubuhi, ambayo mashine huiandika 09:00. Ikiwa safu ni ya aina ya pili, hifadhidata iliondoa saa 3 na kutunza 06:00 ya UTC. Baada ya tzdata kusasishwa, thamani hiyo hiyo husomwa kwa kuongezwa saa 2, na skrini ya mapokezi huonyesha 08:00. Daktari humsubiri mgonjwa saa mbili, ilhali mgonjwa, ambaye kadi yake imeandikwa saa tatu, hufika saa tatu na kuhesabiwa kuwa amechelewa.

Kurekebisha kosa hilo ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. Miadi iliyoandikwa baada ya kusasishwa ni sahihi, na ile iliyoandikwa kabla yake kwa tarehe za kuanzia 1 Februari imepotoka kwa saa moja, lakini zote zinakaa katika jedwali moja bila alama ya kuzitofautisha. Kuongeza saa moja kwa safu nzima kungeharibu zilizo sahihi. Njia pekee ya kuzitenga ni kuwa na safu nyingine inayoonyesha kila miadi iliandikwa lini, jambo ambalo wajenzi wengi wa mifumo hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Dalili ya kutafuta ni miadi iliyoangukia saa ambazo kliniki haijafunguliwa.

Tiba yake ni kutunza saa ya mahali kama ilivyoahidiwa, pamoja na jina la ukanda, na kuiacha hifadhidata itafute nukta ya UTC pale inapohitajika:

```sql
CREATE TABLE miadi (
  saa_ya_mahali timestamp NOT NULL,
  ukanda text NOT NULL
);
SELECT saa_ya_mahali AT TIME ZONE ukanda
FROM miadi;
```

Katika safu ya `ukanda` huandikwa `Africa/Juba`, wala si `+03`, kwa kuwa jina la ukanda hubeba kanuni zake zote, za zamani na mpya, ilhali `+03` ni tofauti ya saa ya siku moja tu. Ikiwa nukta ya UTC imenakiliwa pembeni kwa ajili ya kutuma ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa, nakala hiyo ni lazima ikokotolewe upya kila tzdata inaposasishwa.

Kuna kosa jingine lisilopiga kelele: anayeandika `2021-02-15 09:00+03` katika safu isiyo na ukanda hapati onyo lolote, kwani PostgreSQL hupuuza `+03` kimyakimya na kutunza 09:00.

Hata saa ya mahali ina mpaka wake. Usiku wa badiliko mjini Juba, saa iliyo kati ya 23:00 na usiku wa manane ya tarehe 31 Januari ilipita mara mbili, kwa hiyo maandishi ya 23:30 pekee hayasemi ni ipi kati ya hizo. Kwa miadi ya mchana hilo halina madhara. Panapokutana watu wa Juba na Nairobi kwa video, mfumo hauwezi kukisia ni saa ya mji gani inayotawala, hivyo anayepanga kikao na aulizwe mji huo tangu mwanzo, na jibu lake liandikwe katika safu ya ukanda.