Nani Kasema Arobaini na Moja? Jinsi Alama ya Netiboli Inavyopatikana

Mtihani wa vitendo wa netiboli una mtego wake wa kwanza palepale kwenye pete. Pete iko mita 3.05 kutoka ardhini, mpira ama unaingia ama hauingii, na kila aliyesimama pembeni anaona. Ndiyo maana mwalimu anayetunga mwongozo wa usahihishaji kwa mara ya kwanza huandika bila kusita: mitupo kumi, alama moja kwa kila goli. Inaonekana ni haki tupu, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu mtahini.

Sasa mchukue msichana ambaye ukimhesabia msimu mzima hufunga mitupo sita katika kila kumi. Siku ya mtihani anapewa kumi tu. Ukipiga hesabu ya uwezekano, utakuta si ajabu akafunga minne, wala si ajabu akafunga minane. Na takriban mara moja katika kila kumi atatoka hata nje ya mipaka hiyo. Mtu ni yuleyule na mkono ni uleule, lakini cheti kinaweza kumwita dhaifu au hodari kutegemea ameamkaje. Ongeza na viwanja vyetu, ambavyo vingi viko wazi: upepo wa saa tisa alasiri pale Tanga si ule wa saa mbili asubuhi, na wanafunzi hawaingii uwanjani wote kwa wakati mmoja.

Magoli yahesabiwe, lakini yasiachiwe kubeba mzigo wote. Tuseme mtihani una alama 50, ambazo 20 ni za stadi na 30 ni za mchezo wenyewe. Mtupo wa kufunga ukipewa 10 katika zile za stadi, mimi ningeyapa magoli 3 tu. Saba zilizobaki ziende kwenye mambo ambayo mtahini anayaona hata mpira ukigonga pete na kurudi: miguu imetulia na kuelekea pete, mpira umelala juu ya vidole na si kwenye kiganja, kiwiko kiko chini ya mpira, magoti yamekunjwa na kunyooka pamoja na mkono, mpira umepanda juu ndipo ukashuka ndani badala ya kurushwa bapa. Mambo haya hayategemei bahati. Mwanafunzi aliyefundishwa anayafanya katika mitupo tisa kati ya kumi, na asiyefundishwa huonekana kufikia mtupo wa tatu.

Kazi ngumu kuliko zote ni maneno. Miongozo mingi huandikwa hivi: kutua vizuri sana, alama 5, kutua vizuri, alama 4, wastani, alama 3. Mwongozo wa namna hiyo haujasema kitu, kwa sababu umemrudishia mtahini swali lilelile alilokuja nalo. Vizuri kwa macho ya nani? Mwalimu wa shule yenye timu kali ana vizuri yake, na wa shule iliyoanza netiboli mwaka juzi ana yake.

Kutua ni mfano mzuri, kwa kuwa sheria ya mchezo yenyewe iko wazi. Mchezaji akidaka mpira hewani na kutua kwa mguu mmoja, anaruhusiwa kukanyaga kwa mguu wa pili na kuinua ule aliotulia, lakini lazima aachie mpira kabla mguu ule haujagusa ardhi tena. Vilevile hana zaidi ya sekunde tatu za kukaa na mpira. Kwa hiyo ngazi ya juu iandikwe kwa kitu kinachoonekana: anadaka kwa mikono miwili akiwa bado anakimbia, anatua bila kuyumba, na anatoa pasi bila hatua ya ziada hata akiwa na mpinzani mbele yake. Ngazi inayofuata: anafanya hayo yote akiwa huru, lakini akibanwa huongeza hatua au huchelewa. Inayofuata tena: anadaka, lakini ni lazima asimame kwanza ndipo atafute wa kumpa. Ya mwisho: mpira unamponyoka au anatembea nao hata kama hakuna anayemzuia.

Angalia kinachozitofautisha ngazi hizo. Sentensi haisemi ni mzuri kiasi gani, inasema anaharibikiwa lini. Mtahini wa Mtwara na wa Mwanza wakisoma maneno hayo watamwangalia msichana mmoja na kumweka mahali pamoja. Ngazi nne zinatosha, tena ni bora ziwe nne kuliko tano. Zikiwa tano, mtahini aliyechoka hukimbilia ya katikati na kuketi hapo hadi jioni. Zikiwa nne hakuna katikati, kwa hiyo lazima aamue mtoto yuko upande gani. Kwanza achague ngazi, kisha ndani ya ngazi aamue alama ya juu au ya chini.

Alama 30 za mchezo ndizo zinazoleta ugomvi, kwa sababu netiboli ni ya watu saba na mtihani ni wa mtu mmoja. Mchezaji wa katikati anayetoa pasi safi kwa mfungaji mbovu ataonekana hana faida. Mlinzi mwenye GK kifuani, ambaye wapinzani wake hawafiki langoni, anaweza kumaliza robo nzima bila kuugusa mpira. Ukimpa alama ndogo umemwadhibu kwa udhaifu wa wengine. Dawa ya kwanza ni kwamba mwongozo upime zaidi anachofanya akiwa hana mpira: anajitenga na mpinzani kabla mwenzake hajadaka au baada, anakimbilia nafasi tupu au msongamano, anapolinda anarudi nyuma sentimita 90 zinazotakiwa kabla ya kuinua mikono au anaziba tu na kupigiwa kipenga. Dawa ya pili ni kubadilisha timu na nafasi. Kila mtahiniwa acheze nafasi mbili, timu zichanganywe baada ya robo ya kwanza, na mtahini mmoja asipewe zaidi ya watahiniwa watatu wa kuwaangalia kwa wakati mmoja.

Kwa kuwa herufi za kifuani zitabadilika, namba ya mtihani iwe mahali pengine, mgongoni au mkononi. Hili linaonekana dogo hadi mtahini anapojikuta ameandika alama za GA wa robo ya kwanza kwenye jina la GA wa robo ya pili.

Mwongozo pia useme kisichopimwa. Anayecheza amevaa hijabu na suruali ndefu asipunguziwe kitu, wala anayecheza kwa raba zilizochanika. Kosa moja lisilipwe mara mbili: aliyekwisha kupoteza alama za kutua kwenye stadi, katika mchezo apimwe kwa uamuzi wake, isipokuwa kama hatua zake zinaivunja pasi yenyewe.

Tukiwa na mwongozo mzuri mkononi, bado tunasahihisha kwa macho ya watu. Hapo ndipo uwianishaji wa alama unapoingia, nao huanza kabla mtahiniwa wa kwanza hajafunga kamba za viatu. Watahini hukaa pamoja na kuangalia wachezaji walewale, kwa kawaida kwenye video ya mwaka uliopita. Kila mmoja huandika alama zake kimya, kisha zote hufunuliwa kwa mpigo. Ule ukimya si adabu tu. Mkubwa wa kikao akitaja 38 kwanza, chumba kizima kitakuwa na 37 na 39, na hamtajua kamwe kwamba mmoja alikuwa amefikiria 29. Tofauti zikionekana, swali lisiwe nani yuko sahihi. Swali liwe: ni sentensi ipi ya mwongozo imesomwa kwa namna mbili? Sentensi hiyo hurekebishwa hapohapo.

Baada ya mtihani, mtahini wa nje huchukua sampuli ya kila shule na kuisahihisha upya. Sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini, na iwe na wa asubuhi na wa jioni. Asizione alama za mwalimu kabla hajaandika zake.

Tuchukue shule mbili za kubuni. Katika ya kwanza mwalimu ametoa 44, 38, 33, 27 na 20. Mtahini wa nje, kwa wasichana walewale, ana 39, 33, 29, 22 na 15. Mwalimu huyu ana mkono wazi, lakini ana mkono wazi kwa wote: tofauti ni tano, mara moja tu nne, na aliyekuwa wa kwanza bado ni wa kwanza hadi wa mwisho. Alijua nani anamzidi nani, ila mizani yake ilianzia juu. Hapo hupunguzwa alama tano kwa shule nzima, si kwa wale watano tu waliookotwa kwenye sampuli, na kazi imekwisha.

Katika shule ya pili mwalimu ana 44, 41, 36, 31 na 26. Wa nje ana 45, 34, 38, 24 na 29. Ukichukua wastani wa tofauti haufiki hata alama mbili, na karani anayeangalia wastani peke yake ataipitisha shule hii haraka kuliko ile ya kwanza. Lakini mpangilio umevunjika. Wa pili amekuwa wa tatu na wa nne amekuwa wa mwisho, kila mmoja akiporomoka alama saba, huku wengine watatu wakipanda. Hakuna namba unayoweza kuongeza au kupunguza ikaponya hilo. Ukipunguza mbili kwa wote, unawaumiza watatu ambao tayari walikuwa wamepunjwa.

Kwa nini wale wawili? Sababu ya kawaida katika hali kama hii ni sifa ya zamani. Ni wachezaji wa timu ya shule, mmoja alikwenda UMISSETA, na mwalimu amewapa alama za mechi anazozikumbuka badala ya zile alizoziona siku ile. Huenda 41 ni alama ya kweli ya msichana huyo katika siku yake nzuri, lakini mtihani haukufanyika siku hiyo. Shule hiyo husahihishwa upya yote, mtu kwa mtu, kutoka kwenye video.

Video nayo ina mipaka yake. Kamera iliyowekwa nyuma ya pete haionyeshi mpira umepanda kiasi gani, na iliyowekwa chini pembeni huonyesha migongo tu. Iwekwe juu, kwenye pembe ya uwanja, na kwa mitupo ya kufunga isogezwe ubavuni. Kila mtahiniwa ataje namba yake mbele ya kamera kabla ya kuanza. Karatasi za watahini wote wawili, pamoja na za yule wa tatu anayeitwa wakitofautiana kupita kiasi kilichokubaliwa, zihifadhiwe kama zilivyoandikwa, bila kufutwa. Mzazi akija na rufaa, ndizo zitakazoonyesha nani aliandika 41, aliiandika saa ngapi, na kwa kusoma sentensi ipi.