Kutafuta Neno Chini ya Mzizi Wake

Kamusi ya mzizi haipangi kila neno kwa herufi yake ya kwanza. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, maneno mengi yanayotokana na kitenzi yamekusanywa chini ya kitenzi hicho. Kwa hiyo msomaji huondoa viambishi kwanza, ndipo afungue ukurasa.

Chukua neno linaloweza kusikika kwenye feri ya Likoni: abiria hawatavushwa. Kazi huanzia mbele. "Ha" ni ya ukanushi, "wa" ni ya abiria, "ta" ni ya wakati ujao. Hubaki "vushwa". Nyuma, "w" huonyesha kutendwa. Ikiondoka hubaki "vusha", yaani kumfanya mtu avuke. Hapo "sh" imemeza "k" ya "vuka", kama ilivyo katika "ruka" na "rusha". Kitenzi cha kutafuta ni "vuka", na "kivuko" kimo humo humo.

Kosa la kawaida ni kukata kupita kiasi. Anayedhani "k" ya "vuka" ni kiambishi, kama ile ya "vunjika", ataangukia "vua", kitenzi cha wavuvi. Maana ndiyo humrudisha: kivuko si mahali pa kuvulia samaki. Kila mara inafaa kulijenga neno upya kutoka kwenye mzizi uliopatikana na kuona kama maana inashikana.

Ugumu zaidi uko katika nomino. "Mchukuzi", mbebaji wa mizigo, likiondolewa "m" na "i" hubaki "chukuz", na hakuna kitenzi cha namna hiyo. Sababu ni kwamba Kiswahili kilipoteza "l" kati ya irabu nyingi. Kitenzi leo ni "chukua", lakini "l" ya zamani hujitokeza katika "chukulia", na mbele ya "i" ya mtendaji hugeuka "z". Mwenye kukutana na "z" ya namna hii na airudishe kuwa "l", kisha aifute: chukuz, chukul, chukua. Njia hiyo hiyo humtoa "mnunuzi" kwenye "nunua" na "mpagazi" kwenye "pagaa".

Kwa watu wa Mombasa, kuna hatua moja zaidi. Kimvita husema "kiteko" pale Kiswahili sanifu kinaposema "kicheko". Ondoa "ki" na "o", upate "teka". Kamusi ya Kiswahili sanifu inalo neno hilo, ila kwa maana ya kuchota maji au kukamata mateka, na hapo msomaji hupotea huku akidhani amefika. Maana isipolingana, "t" ijaribiwe kuwa "ch", kama "mato" yanavyokuwa "macho". Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 ilitegemea sana Kimvita, na ndiyo ya kufunguliwa pale kamusi za sanifu zinaponyamaza.