Kiti Kiondoke, Uso Ubaki

Bibi harusi amepigwa picha bustanini na mpiga picha mzuri, kwa kamera ya kutoa faili la pikseli 6000 kwa 4000. Kasoro ni moja tu: nyuma yake, upande wa kushoto, kuna kiti cha plastiki chekundu. Faili linapelekwa zima kwenye programu ya akili mnemba, nayo inaambiwa ifute kiti. Kiti kinafutika, lakini bibi harusi naye amebadilika. Vitundu vya ngozi havionekani, kidoti cha shavuni kimepotea, macho yamekuwa ya mtu anayefanana naye.

Hakuna aliyeomba uso uguswe. Tatizo ni jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Nyingi haziwezi kushughulikia picha kubwa kwa ukubwa wake halisi, hivyo huipunguza kwanza. Stable Diffusion ya mwaka 2022, kwa mfano, ilifunzwa kwa picha za pikseli 512 kwa 512, na SDXL ya mwaka uliofuata kwa 1024 kwa 1024. Tuseme picha yetu imepunguzwa hadi upana wa pikseli 1500. Uso uliokuwa na upana wa pikseli 600 sasa umebaki na 150.

Kisha mifumo ya aina hiyo huigawa picha katika vijiraba vya pikseli 8 kwa 8, na kila kijiraba hufupishwa kuwa namba chache. Uso wetu sasa ni vijiraba kama 19 tu kwa upana, na jicho moja ni vinne hivi. Picha inapojengwa upya kutoka kwenye namba hizo, programu hubuni ngozi kwa kukisia, nayo hukisia ngozi laini. Hata sehemu usiyoitaja hupitia njia hiyohiyo.

Dawa yake ni kutoupeleka uso huko kabisa. Katika GIMP, programu ya bure, fungua nakala ya faili la awali, si ile iliyopita WhatsApp ikabanwa. Kata kipande cha pikseli 1024 kwa 1024 chenye kiti katikati na uso nje, bila kukipunguza wala kukikuza. Kiti chenye upana wa pikseli 500 kitabakiwa na zaidi ya 250 kila upande, nafasi ya kutosha programu ione majani na kivuli cha kuendeleza. Vipimo vinavyogawanyika kwa 8 ni muhimu; ukipeleka 1030, programu inaweza kupunguza kipande kimyakimya na kikirudi kisikae mahali pake. Hifadhi kipande kama PNG, katika mpangilio wa rangi wa sRGB, ili rangi zisihame njiani.

Kiti kikishafutwa, rudisha kipande kama tabaka juu ya picha ya awali, mahali palepale kilipotoka. Kiwekee barakoa ya tabaka iliyo nyeusi, inayokificha chote, kisha paka nyeupe kwa brashi laini pale kiti kilipokuwa tu. Eneo hilo likionekana laini kuliko majani ya jirani, liongezee chengachenga kidogo, kwa kuwa kamera huacha chengachenga ambazo programu hizi hupenda kuzifuta.

Ikiwa kitu cha kufutwa kimegusa shela au bega, uso utaingia kwenye kipande. Hapo barakoa ndiyo kinga: usipake nyeupe usoni, na uso wa awali utabaki.

Sasa hakiki. Weka picha ya awali juu ya picha iliyokamilika, kisha badili hali ya tabaka hilo iwe `Difference`. Kila pikseli ambayo haikuguswa itakuwa nyeusi tii. Ongeza mwangaza, maana mabadiliko madogo hujificha gizani. Panapotakiwa kung'aa ni pale kiti kilipokuwa. Ukiona mchoro wa pua au midomo, uso umeguswa, au picha mbili hazijalala sawa.

Njia hii ina mipaka. Ukitaka bustani ya mchana igeuke ufukwe wa magharibi, uso utabaki na jua la saa saba na picha itasema uongo. Mwanga wa uso urekebishwe kwa mkono, kwa kupandisha na kushusha rangi. Vilevile, simu iliyolainisha ngozi wakati wa kupiga imekwisha kuiharibu. Kichujio cha urembo kizimwe kabla ya kupiga picha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia picha iliyohaririwa hivi, mwombe mpiga picha afanye jaribio la `Difference` mbele yako. Uso usipokuwa mweusi, mrudishie kazi yake.